Gololi Nne Badala ya Saba

Siku nilipowaogopa majirani zangu kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, chanzo kilikuwa kisanduku cha bati chenye gololi nne ndani yake. Nimemshukuru Mola kwa mengi tangu wakati ule, na katika hayo namshukuru pia kwa hofu yenyewe, kwa sababu ilinifundisha kitu ambacho miaka yote ya kushika chaki haikunifundisha. Lakini wakati ule sikuwa na shukrani yoyote. Niliogopa tu.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu ualimu wa hisabati na kuhamia Chanika, kwenye kiwanja nilichokinunua wakati kule bado ni mashamba ya mihogo. Msikiti wetu una chumba cha madrasa. Asubuhi watoto wadogo husoma humo, mchana kinakaa kitupu. Niliiomba kamati iniruhusu nikitumie kwa jambo la kheri: watoto waliomaliza darasa la saba hukaa nyumbani tangu wamalize mtihani mpaka shule zifunguliwe Januari, nami nikataka kuwaandaa kwa kidato cha kwanza, hilo darasa ambalo watu huliita prifomu wani. Kamati ilikubali, na ikakubali pia kwamba wa dini zote waje. Wakaja ishirini na wawili. Waislamu walikuwa wengi, lakini Wakristo hawakuwa haba, maana chumba kilikuwa karibu nao na mwalimu hakuwa akidai kitu.

Nilijua wangekwama wapi. Mtoto wa umri ule anajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ukimwekea herufi katikati ya namba, anapotea. Huuliza, "Mwalimu, x ni ngapi?" kana kwamba kuna orodha mahali fulani iliyoandikwa thamani ya kila herufi. Ukimfanyia mfano mmoja, x ikatoka tano, kesho atakuambia x ni tano, na kesho kutwa pia ni tano. Haelewi kwamba herufi ni nafasi tu iliyowekewa namba ambayo bado hatujaijua, na kwamba katika swali jingine nafasi hiyohiyo inaweza kushika namba nyingine kabisa.

Nikafikiria kisanduku. Fundi bati wa sokoni alinitengenezea viwili vilivyolingana, kila kimoja ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, vyenye vifuniko. Vilitoka kwenye bati moja ili vilingane uzito. Mwenye duka la nafaka aliniazima mizani ya sahani mbili aliyokuwa haitumii tena. Nikanunua gololi za watoto, nikachagua zile zilizolingana.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Nilisoma dini utotoni mwangu kabla ya kusoma hisabati, na nilikuwa na furaha ya kizee kila nilipokumbuka kwamba wanazuoni wa zamani walioianza aljebra walikiita kile kisichojulikana "shay", yaani kitu. Kwa hiyo badala ya kuandika x juu ya kifuniko, niliandika herufi ya shini, inayoanza neno hilo, kwa rangi nyeusi, na nukta zake tatu juu. Kisha nikakifunga kisanduku kwa uzi mwekundu. Niliona nimepamba somo. Sikufikiria hata kidogo jinsi kitu hicho kitakavyoonekana kwa mtu asiyeijua ile historia: mimi, mzee ninayeitwa kuwaombea wagonjwa mtaani, kisanduku kilichofungwa kwa uzi mwekundu, juu yake herufi ya Kiarabu.

Jumatatu niliwasimulia hadithi. Mwanamke mmoja alikwenda Hija, akamwachia jirani yake kisanduku kama amana. Akamwambia, usikifungue mpaka nirudi. Jirani akateseka kwa kutaka kujua. Angekifungua, angevunja amana. Angekaa, angeumwa na udadisi. Mwisho akagundua kwamba kuna njia ya tatu: kujua kilichomo bila kufungua.

"Akitikise," akasema mvulana mmoja wa nyuma, msemaji wa darasa lile.

"Akitikisa atajua kuna vitu, hatajua ni vingapi."

"Amwite mganga basi."

Wakacheka. Nami nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile sicheki.

Nikaweka kile chenye shini kwenye sahani ya kushoto, pamoja na gololi tatu. Kulia nikaweka kisanduku kitupu, ili bati lilingane na bati, kisha tukaongeza gololi mojamoja mpaka mizani ikatulia. Zilikuwa kumi. Ubaoni nikaandika: shini kujumlisha tatu ni sawa na kumi. Nikawauliza tufanye nini. Binti mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Tutoe tatu kila upande." Nikamwita, akazitoa mwenyewe, tatu huku na tatu kule. Mizani haikuyumba. Zilibaki saba upande wa kulia. Nikakata uzi, nikafungua kifuniko, nikazihesabu mbele yao. Saba. Walipiga makofi.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake ni mchongaji wa vinyago kutoka Newala, Mkristo, mtu wa maneno machache. Mama yake alikuwa amefariki, na wawili hao waliishi peke yao kwenye chumba kimoja na kibanda cha kazi. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wote, na shule ya sekondari aliyopangiwa ilikuwa mbali kidogo lakini baba yake alikwisha kusema atakwenda. Nilimpenda kama mjukuu wangu. Kwa hiyo nilipokifunga tena kisanduku na zile saba ndani, nilimpa yeye kazi ya kukilinda pale kwenye rafu ya darasa. Nikamwambia aweke mkono wa kulia juu ya kifuniko na aahidi mbele ya wenzake kwamba hatakifungua wala hatamruhusu mtu akifungue mpaka Alhamisi.

Akaahidi. Na mimi, kwa kuwa hadithi ilikuwa imewanogea, nikaongeza kipande kisichokuwa kwenye mpango wangu.

"Mnajua jirani yule angekifungua ingekuwaje? Mkono wake ungekufa ganzi. Ungening'inia tu."

Nilikitunga pale pale. Kilitoka mdomoni kama mzaha, watoto wakafanya "Aaa," nasi tukaendelea na mazoezi.

Alhamisi nilifika mapema. Nilifungua kisanduku, nikatoa gololi tatu, nikabakiza nne, nikafunga uzi upya kwa fundo lilelile. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya somo. Nilitaka waseme shini ni saba, mizani iwakatalie, kisha waelewe kwamba herufi haina namba yake ya kudumu. Nilidhani watashangaa kisha wafurahi. Ndivyo mwalimu anavyopanga akiwa peke yake chumbani.

Darasa lilipojaa niliweka kisanduku kushoto pamoja na gololi tano. Kulia nikaweka kitupu. Nikauliza, "Tuweke ngapi kulia?"

"Kumi na mbili," wakasema wote. Saba na tano ni kumi na mbili.

Nikaweka kumi na mbili. Sahani ya kulia ikashuka mpaka ikagonga meza.

Nikaanza kuondoa gololi. Kumi na moja, bado. Kumi, bado. Zilipobaki tisa, mizani ikanyooka. Mvulana wa nyuma akasema polepole, "Sasa ni nne. Zilikuwa saba, sasa ni nne."

"Sanduku limezila," akasema mwingine.

"Linakulaga?"

Adhana ya alasiri ikaanza. Ningeweza kusema neno moja tu: nilizitoa mimi. Lakini nilitaka wakae na swali mpaka Jumatatu. Katika ualimu wangu wote nimeamini kwamba swali likilala na mtoto, linaamka na jibu. Kwa hiyo nilitabasamu na kusema, "Kitu hiki hubadilika. Kafikirini." Nikaenda kutawadha.

Nilikuwa na maji usoni niliposikia ukelele. Haukuwa ukelele wa michezo. Nilirudi mbio bila viatu. Binti wangu wa mstari wa mbele alikuwa chini kwenye mkeka, macho yamegeuka juu, mkono wa kulia umekunjamana chini ya kiwiliwili. Wasichana wengine wawili walikuwa wameanza kulia na kutupa mikono, mmoja akianguka juu ya mwenzake. Wavulana walikuwa wamebanana mlangoni. Kila mtu alikuwa mbali na meza, na juu ya meza kisanduku kilikuwa kimekaa peke yake kwenye sahani ya mizani.

Kila mwalimu wa nchi hii ameona au amesikia wasichana wanaoanguka shuleni. Anaanza mmoja, wanafuata kumi, na kabla ya jua kuzama watu wanatafuta nani kaleta nini. Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba safari hii aliyeleta ni mimi.

Akina mama wa jirani waliingia na maji. Wale wawili walitulia upesi. Binti alifumbua macho, akakaa, akanitazama, kisha akatazama mkono wake wa kulia. Alijaribu kuunyanyua. Haukunyanyuka.

"Mwalimu, mkono," akasema. Basi.

Mama mmoja alionyesha meza kwa kidole. "Lile dude limeandikwa nini pale?"

"Herufi tu, mama. Ya hisabati."

"Hisabati ya Kiarabu?"

Nikakitwaa kisanduku, nikakitia kikapuni.

Baba wa binti alikuja akiwa bado na vumbi la mpingo kwenye nywele, akamchukua mwanawe mgongoni bila kunisalimu. Walipita zahanati. Baadaye nikasikia kwamba mganga wa zahanati alimpima, akambonyeza, akamchoma kidogo kwa sindano kwenye vidole, akasema haoni ugonjwa. Neno hilo, ambalo lingepaswa kuwafariji, ndilo lililowatisha zaidi. Kama si ugonjwa, ni nini?

Ijumaa asubuhi habari ilinitangulia kila nilikopita. Kijana wa bodaboda aliyezoea kuniamkia kila siku alinyamaza, na nilipokwisha kumpita akamwambia mwenzake, "Mzee wa sanduku huyo." Dukani mwanamke alimvuta mtoto wake karibu na kanga. Kumbuka kwamba mimi ni mzee, macho yangu ni mekundu kwa uzee, na ninaishi mpakani mwa mtaa. Najua yaliyowapata wazee wengine walioitwa wachawi kwa sababu zilizokuwa ndogo kuliko yangu. Nilirudi nyumbani, nikamkuta mke wangu amekomea mlango mchana kweupe.

"Kifute kile kiandiko," akaniambia. "Kitupe hata kisanduku chenyewe."

"Nikikitupa watasema nimekificha."

"Basi kifute tu."

Nilikifuta. Nilikisugua kwa mafuta ya taa na mchanga mpaka bati likang'aa. Nilikuwa nikisoma nyiradi huku nikijiuliza kama nasoma kwa ajili ya binti yule au kwa ajili yangu. Nakiri kwamba sehemu kubwa ilikuwa yangu.

Baada ya swala ya Ijumaa mwenyekiti wa mtaa aliniita pembeni. Ni mtu mzima wa makamo, niliyemfundisha zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Nionyeshe hicho kisanduku."

Nikakitoa kwenye kikapu. Alikigeuza.

"Maandishi yako wapi?"

"Nimeyafuta."

"Mwalimu, kwa nini umeyafuta? Mie nilitaka niwaonyeshe watu ni herufi tu. Sasa nitawaonyesha nini?"

Nikakaa kwenye kizingiti. Akaniambia mengine kwa sauti ya chini. Baba wa binti amepiga simu Newala. Kuna mtu kule anayetibu mambo ya namna hiyo. Wataondoka Jumatatu alfajiri, na baba amesema mtoto hatarudi Dar es Salaam. Atakaa na bibi yake. Sekondari basi.

"Mkono wake?" nikauliza.

"Uleule. Hashiki hata kijiko."

Sikulala vizuri, lakini si hilo ninalotaka kulisimulia. Ninalotaka kusimulia ni kwamba nilipokuwa nimeketi baada ya alfajiri ya Jumamosi nilikumbuka kile kipande cha hadithi. Mkono wake ungekufa ganzi. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Kwangu kilikuwa upepo. Nikaona mkono wa kulia wa mtoto juu ya kifuniko, nikaogopa kuliko nilivyowaogopa majirani. Kitu kilichomshika yule mtoto kilikuwa kimetoka mdomoni mwangu.

Nilichukua kikapu, nikatia mizani, visanduku viwili na gololi, nikaenda.

Mke wangu alisimama mlangoni. "Utakwenda na hivyo vidude kwa watu ambao wanaviogopa?"

"Ndiyo."

"Wakikupiga?"

"Basi watakuwa wamenipiga nikisema kweli."

Maneno yalikuwa ya kishujaa. Njia ya kutoka kwangu mpaka kwa mchongaji ni fupi, lakini nilisimama mara tatu. Wavulana wawili wa darasa langu walinifuata kwa mbali, kisha wakaachana nami.

Mchongaji alikuwa kibandani kwake, chini ya paa la bati, tezo mkononi, gogo la mpingo katikati ya nyayo zake. Aliponiona aliacha kuchonga, lakini tezo hakuiweka chini.

"Hodi, baba."

"Umefuata nini, mzee?"

"Nimekuja kukuambia nilichofanya."

"Hicho kikapuni ni nini?"

"Ndicho."

Alinyanyuka. Ninamshukuru Mola kwamba nilianza kusema kabla sijafikiri, kwa sababu ningefikiri ningekimbia. Nilimweleza yote, kuanzia fundi bati. Nilipofika kwenye Alhamisi asubuhi alinikatiza.

"Ngoja. Wewe mwenyewe uliingia, ukafungua, ukatoa tatu, ukafunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Na mtoto wangu ulimwapisha akilinde?"

"Nilimwapisha."

"Na watoto walipotaka kujua zimekwenda wapi, wewe ukacheka ukaenda kuswali?"

"Nilitabasamu. Lakini ndiyo."

"Na ile herufi?"

"Ni jina la kitu kisichojulikana. Basi, hakuna zaidi."

"Wewe unaona jina," akasema. "Mie mama yangu alifungwa shingoni kitu kilichoandikwa hivyohivyo, na hakupona."

Ilikuwa kweli yake, na sikuwa na haki ya kuisahihisha. Nikamwomba jambo moja tu: amwite mtoto, nimwambie yeye mwenyewe. Alifikiri. Akaita.

Binti alitoka chumbani, mkono wa kulia umefungwa kwa kitenge shingoni kama mtu aliyevunjika. Alisema "Shikamoo" bila kunitazama. Nikamwambia nilizitoa mimi zile tatu. Nikamwambia ile habari ya mkono kufa ganzi niliitunga pale pale mbele yao, haimo katika kitabu chochote, hakuna jirani duniani aliyewahi kupatwa hivyo kwa ajili ya kisanduku.

Alianza kulia. Si kilio cha sauti.

"Nilifungua," akasema.

"Ulifungua nini?" akauliza baba yake.

"Jumanne. Nilitaka kuona kama bado ni saba. Nikahesabu, zilikuwa saba, nikarudisha. Sikuchukua hata moja, baba. Halafu Alhamisi zikawa nne." Akavuta pumzi. "Nikajua ni mimi. Nikasikia mkono unaanza."

Baba yake aliketi juu ya gogo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuketi. Tulikuwa watu wazima wawili, kila mmoja akiwa amemwogopa mwenzake kwa siku mbili, na katikati yetu mtoto aliyebeba peke yake hofu iliyotuzidi sote.

Kisha nikatoa mizani kikapuni. Baba akasema, "Mzee," kwa sauti ya onyo.

"Hatafanya lolote asilolitaka," nikasema. Nikamgeukia binti. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekijaza siku zote. Ndiyo maana mimi sikuogopa, ninyi mkaogopa. Leo jaza wewe. Tia gololi unazotaka, mimi na baba yako tusione. Funga. Sisi ndio tutafute."

Alifuta uso kwa kiganja cha kushoto. Alichukua kisanduku na gololi akageuka ukutani. Tulimwona mgongo tu. Tulisikia gololi zikigonga bati, zikisita, moja ikitolewa, nyingine ikirudishwa. Kitenge kililegea begani. Kisha akafunga uzi.

Kufunga uzi kunataka mikono miwili. Mchongaji aliona kabla yangu, maana macho yake yamezoea kutazama mikono ya watu maisha yake yote. Alinigusa goti ninyamaze. Tulikaa kimya kama watu wanaoogopa kumshtua ndege.

Aligeuka, akaweka kisanduku kushoto, akaongeza gololi mbili kando yake. "Haya, baba. Weka kile kitupu kulia, halafu tia mpaka ilingane."

Mchongaji aliweka tezo chini. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa gololi, lakini vilikuwa vidole vya mtu anayejua kulinganisha vitu. Alitia mojamoja. Ya nane ilipoingia, mizani ikatulia.

"Nane," akasema.

"Sio nane."

"Mizani inasema nane."

"Nane ni pamoja na hizi mbili za nje. Toa mbili kwako, mie natoa mbili kwangu."

Alitoa. Mizani haikuyumba. "Sita basi."

Binti akakata uzi kwa meno, akafungua. Sita.

Mchongaji alizimimina kiganjani, akazihesabu mwenyewe mara mbili, kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hakunitazama kama mtu aliyeshika silaha. Akachukua kisanduku. Akageuka ukutani kama mwanawe, akatia kitu, akafunga.

"Sasa ni ngapi?" akamuuliza.

Nilisubiri. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote wa siku ile, maana nilijua kwamba akisema sita, hajaelewa, na akitetemeka, hajapona.

"Sijui," akasema binti, na uso wake ulikuwa mtulivu. "Mpaka tupime."

Walipima. Zilikuwa tatu, na baba alikuwa ameweka gololi chache makusudi ili kumtega. Wakapima tena. Walipokuwa kwenye raundi ya nne nilikuwa nimesahauliwa, nami nikaona ni heshima. Mkono wa kulia ulikuwa dhaifu bado; alikuwa akiusaidia kwa wa kushoto kila alipochoka, na niliona vidole viwili havikunjiki sawasawa. Sikusema chochote. Nilimhimidi Mungu kimoyomoyo, na nikamwomba amalize alichokianza.

Nilipoaga, mchongaji alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwambia kwamba Jumatatu nitawaeleza watoto wote kosa langu, na Jumapili nitapita kwa mwenyekiti kumweleza aniitie wazazi, wanaotaka kunilaumu wanilaumu usoni.

"Watakulaumu," akasema.

"Najua."

Alisimama. Upande wa pili wa barabara akina mama wawili walikuwa wameacha kuteka maji wakitutazama. Yeye aliwaona pia. Akanishika mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili waone.

"Simu ya Newala nitaipiga nighairi," akasema. "Jumatatu atakuja darasani. Nitamleta mwenyewe, nitakaa nyuma. Lakini hadithi zako, mwalimu, kabla hujawaambia watoto, uje unisimulie mie kwanza."